Spiriti, jiki au sabuni? Kuua vijidudu kwenye kibodi za pamoja bila kufuta herufi

Katika maabara ya kompyuta ya shule, kibodi inayowahi kupoteza herufi si lazima iwe ile kongwe. Mara nyingi ni ile iliyo jirani na chupa ya kitakasa mikono. Mwanafunzi anaingia, anajipaka, anakaa na kuanza kuchapa kabla mikono haijakauka, kisha anayemfuata anafanya vivyo hivyo. Muhula ukiisha, A imekuwa kitufe cheusi kitupu, na kwa sisi tunaochapa Kiswahili, A ndiyo inayobonyezwa kuliko zote.

Mfano huu unaonyesha vizuri jinsi herufi zinavyokufa. Kioevu peke yake huchukua muda mrefu kuiondoa herufi, na msuguano mkavu pia huchukua muda mrefu. Vikikutana, yaani spiriti imelainisha wino na papo hapo kidole au kitambaa kinapita juu yake, wino unatoka. Kwa hiyo ukichagua dawa ya kibodi uliza maswali mawili: inaua nini, na je, nitalazimika kusugua ikiwa bado mbichi?

Kwanza jua herufi zako zimeandikwaje

Usinunue dawa kabla ya kukagua kibodi. Vitufe vingi vya kibodi za ofisini na shuleni ni vya plastiki ya ABS, na herufi juu yake huandikwa kwa njia chache tu.

Njia iliyo rahisi na dhaifu kuliko zote ni wino uliopigwa chapa juu ya kitufe. Pitisha ukucha taratibu juu ya herufi: ukihisi kijimwinuko, kana kwamba kuna rangi imekaa juu ya plastiki, huo ni wino wa chapa. Wakati mwingine hufunikwa na utando mwembamba angavu wa kuulinda. Utando huo ukiisha, wino unafuata upesi.

Njia ya pili ni leza, ambayo huunguza plastiki yenyewe ikabadilika rangi. Kwenye kibodi nyeusi herufi za leza huwa na rangi ya kijivu zaidi kuliko nyeupe, na ukucha huhisi ukwaruzo kidogo au usihisi kitu. Hizi huvumilia spiriti vizuri, kwa kuwa hakuna wino wa kuyeyuka. Jihadhari tu na kibodi zenye taa chini ya vitufe. Nyingi zimepakwa rangi nyeusi juu ya plastiki angavu, kisha leza ikakata umbo la herufi kwenye ile rangi. Hapo kinachobanduka ni rangi nyeusi pembeni, na herufi inaanza kupanuka kama doa la mwanga.

Njia nyingine mbili hazina shida. Kuna vitufe ambavyo herufi yake ni plastiki ya pili iliyomiminwa ndani ya ile ya kwanza, na kuna vile ambavyo rangi imepenya ndani ya plastiki kwa joto, kama kwenye baadhi ya kibodi za zamani za rangi ya maziwa. Ukibahatika kuzipata katika shehena ya kompyuta za msaada, herufi zake zitabaki hata kibodi ikifa. (Kama ni za kutoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Hilo ni tatizo lingine kabisa.)

Ukucha ukikuacha na mashaka, fanya kipimo. Chagua kitufe kisicho na kazi, kwa kawaida Pause au Scroll Lock. Lowesha pamba nyeupe kwa dawa unayotaka kuitumia, sugua kwa nguvu ya kawaida mara mia moja, na kila baada ya mara ishirini tazama pamba. Ikibaki na uchafu wa kawaida tu, sawa. Ikichukua rangi ya herufi yenyewe, umepata jibu. Kwenye kibodi nyeusi yenye herufi nyeupe rangi hiyo haionekani kwenye pamba nyeupe, kwa hiyo tumia kitambaa cheusi. Kipimo hiki ni kikali kuliko maisha ya kila siku, maana wino haupati nafasi ya kukauka katikati, lakini kinatofautisha vizuri kibodi za leza na za chapa.

Spiriti dhidi ya jiki

Hawa ndio washindani wakubwa wawili, na tabia zao zinapishana kwa namna ambayo watu wengi hawaitarajii. Spiriti ni rafiki wa chuma na saketi lakini ni adui wa wino. Jiki haina neno na wino, lakini ni adui wa chuma.

Spiriti ninayoizungumzia ni ethanoli au isopropili ya asilimia 70. Kiwango hicho kina sababu yake. Ya asilimia 96 hukauka upesi mno, na bila maji ya kutosha haiharibu protini za vijidudu vizuri, kwa hiyo ukiizimua inafanya kazi vizuri zaidi na inakuwa pole kidogo kwa plastiki. Kama dukani umepata ethanoli ya asilimia 96, mimina mililita 730 kwenye chupa ya lita moja, kisha ongeza maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi alama ya lita moja. Acha uso wa kitufe ubaki umelowa kati ya sekunde 30 na dakika moja. Ikikauka haiachi chumvi wala haihitaji kusuuzwa, na hata tone likipenya chini ya kitufe litapeperuka, mradi kibodi imechomolewa.

Chupa zenye neno spiriti hazifanani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Spiriti ya hospitali inayouzwa kwenye maduka ya dawa mara nyingi imetiwa mafuta ya mbarika na viambato vingine vya kulainisha ngozi. Kwa ngozi ni vizuri, lakini kwenye kibodi huacha utando wa mafuta unaonasa vumbi. Spiriti ya zambarau, ile ya taa na kazi za rangi, inaacha rangi yake kwenye vitufe vyeupe na ina methanoli, ambayo ni sumu. Jeli ya kutakasa mikono ina gliserini na kitu cha kuifanya iwe nzito, nayo hufanya vitufe vinate. Waragi wala usiifikirie: pombe ya asilimia 40 haifiki kiwango cha kuua vijidudu kwenye kitu. Soma lebo, utafute ethanoli au isopropili, maji, na basi.

Jiki ni hadithi nyingine. Chupa nyingi za dukani zina sodiamu hipokloraiti ya takriban asilimia 3.5, lakini lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa kibodi unahitaji asilimia 0.1, yaani sehemu moja ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Vijiko viwili vikubwa, karibu mililita 30, kwa lita moja ya maji vinatosha. Changanya asubuhi, tumia siku hiyo, kilichobaki kimwage, kwa sababu nguvu yake hupungua, na jua na joto huiharakisha kupungua. Kitufe kibaki kimelowa walau dakika moja, kisha kipanguswe kwa kitambaa chenye maji matupu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Klorini iliyomo kwenye jiki haiyeyushi wino wala ABS kwa kiwango hicho, ndiyo maana herufi hubaki. Lakini ikikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo ikipata unyevu wa hewa hula skrubu, springi na ncha za waya wa USB. Kibodi za bei nafuu zina tabaka la plastiki ndani lenye njia nyembamba za kupitisha umeme, na majimaji ya klorini yakifika pale, safu nzima ya vitufe inaweza kunyamaza. Dalili yake unaijua: W, S na X zinakataa pamoja ilhali herufi zote zinasomeka vizuri kabisa. Fundi atakuambia kibodi ni mbovu, naye mwalimu haoni kosa liko wapi kwa sababu kwa nje inang'aa.

Kuna jambo moja ambalo klorini inalishinda spiriti waziwazi. Virusi visivyo na utando wa mafuta, kama baadhi ya vile vinavyoleta macho mekundu au kuhara, huvumilia spiriti, hasa isopropili. Klorini inaviua. Mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Uganda ukaingia na mashuleni, hoja hii haikuwa ya kitabuni. Mtoto anajikuna jicho, anashika kibodi, na mwenzake anafuata.

Kamwe usizichanganye hizi mbili chupa moja, wala kutumia moja juu ya nyingine ikiwa mbichi. Jiki na spiriti hutoa kemikali zenye sumu. Jiki na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kompyuta chenye madirisha yaliyofungwa kwa hofu ya wezi si mahali pa kujaribu. Spiriti nayo inawaka moto, kwa hiyo usiipulizie hewani, na jenereta isiwe inanguruma mlangoni.

Sabuni, mshindani anayedharauliwa

Maji yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hayaui vijidudu vyote, lakini yanaondoa mafuta, jasho na vumbi ambamo vijidudu hukaa. Zaidi ya hayo, dawa zote mbili za juu hudhoofika zikikutana na uchafu, klorini hasa. Sabuni haiyeyushi wino. Kwa hiyo kama kuna kusugua, kufanyike wakati wa sabuni, si wakati wa spiriti. Katika ulinganisho wote huu, nikilazimika kushauri jambo moja tu, ni hilo: sugua kwa sabuni, kisha weka dawa kwa kugusisha kitambaa bila kusugua.

Na kabla ya sabuni, ondoa vumbi. Vumbi letu jekundu linaloingia na kila gari linalopita ni chembe za mchanga, na kitambaa kikilipitisha juu ya vitufe kinafanya kazi ya msasa. Chomoa kibodi, igeuze kifudifudi, igonge mgongoni mara kadhaa, pitisha brashi laini, ndipo ulete kitambaa. Sabuni ya unga yenye chembe za kusugulia masufuria usiilete karibu. Hali kadhalika ile sponji nyeupe ya kufutia madoa ukutani, kwani kazi yake ni kukwangua.

| | Spiriti 70% | Jiki 0.1% | Sabuni na maji |
|---|---|---|---|
| Herufi za wino wa chapa | Hatari ukisugua | Salama | Salama |
| Herufi za leza | Salama | Salama | Salama |
| Sehemu za ndani | Salama ikichomolewa | Hatari isipopanguswa | Sawa, kitambaa kikikamuliwa |
| Virusi vigumu kama vya macho mekundu | Dhaifu | Nzuri | Huondoa, haiui |
| Muda wa kulowa | Sekunde 30 hadi dakika 1 | Dakika 1 au zaidi, kisha maji | Hakuna |

Washindani wengine nitawapitia haraka. Vitambaa vilivyoloweshwa kiwandani kwa dawa ya aina ya kwati, yaani dawa za kuua vijidudu zinazotokana na amonia, ni vipole kwa wino, lakini lebo nyingi hudai kitufe kibaki kimelowa dakika kadhaa, hata kumi, na kitambaa kimoja hakiwezi kuilowesha kibodi nzima kwa muda huo. Vile vya kupangusia watoto wachanga havikusudiwi kuua vijidudu, na huacha losheni. Taa za mionzi ya urujuanimno hazifiki kwenye vivuli kati ya vitufe, zinadhuru macho, na hugeuza plastiki kuwa ya njano. Kifuniko cha silikoni ni wazo zuri sana kwa ofisi yenye kibodi za aina moja, kwa sababu unaweza kukivua, kukiosha kwa sabuni na kukitia dawa yoyote kati ya hizo, na herufi za chini haziguswi kamwe. Shida ni kwamba kila kifuniko kinatengenezwa kwa mpangilio wa kibodi fulani, na maabara ya shule yenye kibodi za kila namna haina bahati hiyo.

Tuchukue maabara moja ya mfano

Tuseme ni shule ya sekondari Busia, upande wa Uganda, yenye kompyuta 30. Wanafunzi wa S5 na S6 wanaosoma somo dogo la kompyuta hupokezana humo, vipindi vitano kwa siku. Agizo la mkuu wa shule lilikuwa kupangusa kibodi kwa spiriti baada ya kila kipindi. Mhudumu anapitisha kitambaa kama mara nne kwa kila kitufe, maana anataka kuona uchafu umetoka. Hiyo ni misuguano 20 ya kitambaa chenye spiriti kwa siku. Kwa muhula wa wiki 12, siku tano kwa wiki, inafika 1,200.

Ukucha na kipimo cha Pause vinatoa picha hii. Kibodi 18 zina wino wa chapa, na kwenye nyingi kati yake kitambaa cheusi kinaanza kuonyesha weupe kabla ya misuguano mia kwisha. Kibodi 8 ni za leza na hazitoi chochote. Nne ni za zamani, herufi zake zimo ndani ya plastiki. Ukijumlisha, kibodi 12 zinaweza kupanguswa kwa spiriti kila siku bila wasiwasi, na 18 haziwezi kuvumilia ratiba ya sasa.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: zihamishe. Zile 12 ngumu ziende kwenye viti vinavyotumika kila kipindi na vilivyo karibu na mlango. Za wino wa chapa zikae nyuma, na moja iwe ya mwalimu. Chupa ya kitakasa mikono itoke mezani ikae nje ya mlango, ili mwanafunzi awe amekauka anapofika kitini. Kama kuna bomba na sabuni, kunawa kabla ya kuingia na baada ya kutoka kunapunguza mzigo wa kibodi kuliko dawa yoyote, na katikati ya vipindi hilo linatosha.

Jioni, kipindi cha mwisho kikiisha, mhudumu anazima na kuchomoa, anagonga vumbi, kisha anapita na kitambaa cha sabuni kilichokamuliwa mpaka hakidondoki. Hapo anaruhusiwa kusugua. Kitambaa cha pili kinapita na maji matupu, na vitufe vinaachwa vikauke. Baada ya hapo ndipo spiriti. Kitambaa laini cha sentimita 30 kwa 30, kikikunjwa mara mbili, kina sura nane ukikigeuza pande zote, na kila sura ni ya kibodi moja. Sura inaloweshwa kwa mililita sita hivi, inalazwa juu ya safu ya vitufe, inabonyezwa, inainuliwa, inahamia safu inayofuata. Hakuna kuburuta. Safu ya kwanza ikianza kukauka kabla ya sekunde 30, maana yake kitambaa ni kikavu mno, na kukiburuta hakutasaidia. Kiongezewe.

Kwa kibodi 30 hizo ni mililita 180 kwa siku, karibu lita moja kwa wiki. Mhasibu wa shule atashtuka, na ana haki, kwani jiki kwa kazi hiyo hiyo ni kama mililita 150 kwa wiki. Ila kwa klorini utaongeza kitambaa kingine cha maji na dakika kadhaa kwa kila kibodi, na siku mhudumu akiwa na haraka hatua hiyo ndiyo itakayorukwa. Mimi ningebaki na spiriti kwa siku za kawaida, nikiitunza jiki kwa wiki ambayo macho mekundu au kuhara kumeingia shuleni. Wiki hiyo spiriti inawekwa kando kabisa, na zote 30 zinapata klorini na maji, herufi za chapa zikiwa salama kuliko siku nyingine zozote.

Ebola haimo katika hesabu hizi. Uganda imepambana nayo mwaka 2022 na tena 2025, na kila mara kuna anayeuliza kama spiriti ya kibodi inatosha. Kama mtu anayeshukiwa kuugua amekaa kwenye kompyuta, chumba kinafungwa na wahudumu wa afya wanaitwa. Wao hutumia klorini ya asilimia 0.5 kwenye nyuso za vitu, wakiwa na mavazi ya kujikinga, na hakuna anayehangaikia herufi.

Zile ambazo zimeshafutika

Vibandiko vya herufi vinafanya kazi, mradi uchague vyenye utando wa plastiki juu na ukisafishe kitufe kwa spiriti kabla ya kubandika, kwa kuwa gundi haishiki kwenye mafuta. Baada ya hapo spiriti ibaki juu tu, kitambaa kiwe na unyevu mdogo, maana ikiingia pembeni hulainisha gundi na kibandiko huanza kujikunja. Ukiona kona moja imeinuka na kukusanya uchafu mweusi, kibandue uweke kingine.

Usifuate ushauri wa kupaka rangi angavu ya kucha juu ya herufi ili kuzilinda. Kiyeyushi kilichomo kwenye rangi hiyo hulainisha wino na ABS kwa pamoja, na kitufe hubaki na makunyanzi. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni mbaya zaidi, inayeyusha plastiki yenyewe. Kama herufi zilizokwisha ni A, N na I tu, angalia kwanza kama kwenye stoo kuna kibodi iliyokufa ya modeli ile ile: vitufe vyake hung'oka kwa bisibisi bapa ukiinua taratibu pande mbili, na vitakaa palepale kwenye hii.